Mboni, Mapigo na Utumbo: Jinsi ya Kubashiri Kazi ya Dawa Zinazozuia Neva

Mnamo Machi na Aprili 2019, katika eneo la Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, watu waliokula uji wa unga wa msaada walianza kuchanganyikiwa. Waliongea maneno yasiyoeleweka, wengine walihangaika bila kutulia, na familia zao hazikujua kilichowapata. Watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba unga ule wa mahindi na soya ulikuwa umechafuliwa na kemikali za mnanaha, gugu linaloota mashambani, ambalo mbegu zake zina atropini na skopolamini.

Atropini hiyo hiyo imo kwenye kabati la dawa la karibu kila hospitali ya Afrika Mashariki. Huokoa wagonjwa waliomeza sumu ya wadudu, huharakisha moyo unaopiga polepole mno, na matone yake hupanua mboni ya jicho. Mtu anayeifahamu hahitaji kukariri orodha ndefu ya madhara ili ajue itafanya nini. Akiambiwa tu kwamba mgonjwa amekula mnanaha, atasema kabla hajamgusa: mboni zitakuwa pana, moyo utakwenda mbio, tumbo litakuwa kimya. Ubashiri huo una utaratibu wake, na utaratibu wenyewe unatosha kueleza dawa nyingi ambazo wasomaji wanazo nyumbani, kuanzia za presha na tezi dume hadi matone ya glakoma.

Viungo vya ndani ya mwili havisubiri amri ya mwenye mwili. Moyo, utumbo na mboni huendeshwa na mfumo wa neva unaojitegemea, wenye pande mbili. Upande wa simpathetiki huuandaa mwili kwa hatari: hupanua mboni, huharakisha moyo na kutuliza utumbo, na kemikali yake kuu ya kupeleka ujumbe kwenye viungo ni noradrenalini. Upande wa parasimpathetiki hushughulikia mapumziko na chakula: hubana mboni, hupunguza kasi ya moyo na kuuchangamsha utumbo, na kemikali yake ni asetilikolini. Kemikali hizi hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo juu ya seli za kiungo. Dawa inayozuia hukaa kwenye kipokezi bila kukiamsha, hivyo ujumbe unafika lakini haupokelewi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hudhani kwamba dawa ya kuzuia hukipa kiungo amri ya kinyume, ilhali yenyewe haitoi amri yoyote. Inanyamazisha upande mmoja tu. Hali inafanana na mchezo wa kuvuta kamba: ukiiondoa timu iliyokuwa ikivuta kwa nguvu zote, kamba inakimbilia upande wa pili, lakini ukiiondoa timu iliyokuwa imeishika kamba bila kuivuta, kamba haisogei. Kwa hiyo swali la kwanza la mbashiri halihusu dawa. Linahusu kiungo: kabla dawa haijaingia, nani alikuwa anavuta zaidi?

Kwa mtu mzima mwenye afya aliyekaa kivulini akipumzika, jibu ni lile lile kwa viungo vyote vitatu. Parasimpathetiki ndiyo inayotawala.

Tuanze na moyo, maana ushahidi wake unahesabika. Moyo una kituo chake chenyewe cha kuanzisha mapigo, na kikiachwa bila neva yoyote, kwa kijana kingepiga karibu mara 100 au zaidi kwa dakika. Lakini kijana huyo akipimwa akiwa amepumzika, mapigo yake huwa 60 au 70. Tofauti hiyo ni kazi ya neva vagasi, neva kubwa ya parasimpathetiki inayotoka kwenye ubongo na kushuka kifuani, ambayo hudondosha asetilikolini kwenye kituo cha moyo kila wakati. Kijana huyo akipewa miligramu 2 za atropini, vipokezi vya asetilikolini kwenye moyo vinafungwa, na mapigo yake hupanda kwa 35 hadi 40 kwa dakika. Atropini haikuusukuma moyo. Imemwondoa tu aliyekuwa akiuzuia.

Dawa hiyo hiyo ikipewa mtoto mchanga au mzee sana, mapigo yanaweza yasipande sana, kwa sababu vagasi yao haivuti kwa nguvu kama ya kijana. Na kuna watu ambao haipandishi chochote. Tangu Christiaan Barnard apandikize moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza jijini Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, madaktari wamekuwa na nafasi ya kuona moyo usio na neva ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Wakati wa upasuaji vagasi hukatwa. Moyo mpya hupiga kwa kasi kuliko kawaida hata mgonjwa akiwa amelala, na kwa kawaida atropini haiugusi, kwa kuwa hakuna asetilikolini ya vagasi ya kuzuiwa. Daktari wa usingizi akikuta moyo wa mgonjwa kama huyo umepunguza kasi, hategemei atropini. Huchagua dawa inayouamsha moyo moja kwa moja.

Kuna jambo moja linalokwenda kinyume na matarajio, nalo linafaa kujulikana. Dozi ndogo sana ya atropini kwa mtu mzima, chini ya nusu miligramu, inaweza kuyapunguza mapigo kidogo badala ya kuyaongeza. Ndiyo maana wanaoitumia kwa moyo unaopiga polepole hawaanzi na tone moja moja kwa woga.

Mboni nayo ina misuli miwili. Mmoja umeizunguka kama duara, unaamriwa na asetilikolini, nao ukikaza mboni inakuwa ndogo. Mwingine umetandazwa kutoka katikati kwenda pembeni, unaamriwa na noradrenalini, nao ukikaza mboni inapanuka. Mchana, penye mwanga, msuli wa duara ndio unaoshinda. Matone ya atropini yakiuzima, mboni inapanuka na haibanwi hata kwa mwanga wa tochi, na mtu anashindwa kusoma maandishi ya karibu kwa sababu msuli unaorekebisha lenzi nao hupokea amri ya asetilikolini. Kwa jicho lenye afya, hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kliniki za macho zinapotaka tu kutazama nyuma ya jicho hutumia tropikamaidi, dawa ya ukoo huo huo ambayo nguvu yake huisha baada ya saa chache.

Utumbo una mtandao wake mkubwa wa neva, na unaweza kusukuma chakula hata bila amri kutoka nje. Hata hivyo mtandao huo wenyewe hutumia asetilikolini kwa kiasi kikubwa, na vagasi huuongezea kasi. Dawa inayozuia asetilikolini hupunguza msukumo huo na kulegeza mikazo. Watu wengi wameshaliona hilo bila kujua: haiosini, inayotumika sana kwa maumivu ya tumbo la kukakamaa, hufanya kazi kwa njia hii. Ndiyo maana pia mtumiaji anaweza kupata kinywa kikavu, choo kigumu na moyo wa kasi.

Dawa moja ya zamani ilipima viungo vyote vitatu kwa pigo moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940, William Paton na Eleanor Zaimis wa Uingereza walichunguza heksamethoniamu, ambayo baadaye ikawa miongoni mwa dawa za kwanza zenye nguvu dhidi ya shinikizo kubwa la damu. Dawa hii hufunga vituo vya kati ambako ujumbe wa pande zote mbili hupitia kabla ya kufika kwenye kiungo. Timu zote mbili zinaiachia kamba kwa wakati mmoja. Wagonjwa walipanuka mboni, mapigo yao yakapanda na utumbo wao ukalala, wengine kiasi cha matumbo kuacha kabisa kusukuma. Lakini mishipa ya damu, ambayo karibu yote iko chini ya simpathetiki peke yake, ililegea na shinikizo likashuka. Madhara yalikuwa mazito na dawa ikaachwa, ila matokeo yake yalidhihirisha kwa kila kiungo nani alikuwa akitawala.

Swali la pili la mbashiri ni hili: dawa inafunga kipokezi gani, na je, kiungo hicho kinacho? Noradrenalini na adrenalini hazitumii kipokezi cha aina moja. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mwanafamakolojia wa Marekani, alipendekeza kwamba viko vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Msuli unaopanua mboni na misuli ya mishipa ya damu hutumia zaidi alfa. Moyo hutumia zaidi beta. James Black wa Uingereza alilichukua wazo hilo, na katika miaka ya 1960 akatengeneza propranololi, dawa inayofunga beta. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988.

Sasa tubashiri kazi ya propranololi. Mboni haitegemei beta, kwa hiyo haitabadilika kwa namna inayoonekana. Moyo una beta, lakini mtu akipumzika simpathetiki haivuti sana. Mapigo yatashuka kidogo tu, labda kutoka 72 hadi 62. Mtu huyo huyo akipanda mlima au akiogopa, simpathetiki inapiga kelele na dawa inaizima. Hapo tofauti ni kubwa, na ndiyo maana mwanamichezo anayetumia dawa hizi huhisi miguu mizito na moyo usiotaka kukimbia. Utumbo una alfa na beta, vyote viwili vya kuutuliza. Kikifungwa kimoja, kingine kinabaki, na kwa mtu aliyepumzika simpathetiki haikuwa ikiubana utumbo kwa nguvu. Wengi hawahisi kitu. Wachache hupata choo laini.

Kutoka hapo tunaweza kuelewa tone dogo la jicho linaloleta ajali kubwa. Timololi ni dawa ya kufunga beta inayowekwa jichoni kwa ajili ya glakoma. Hupunguza utengenezaji wa maji ya ndani ya jicho bila kubadilisha upana wa mboni, kwa hiyo mgonjwa huendelea kuona vizuri. Lakini sehemu ya tone hupita kwenye kijifereji cha machozi hadi puani, na kutoka puani huingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Mzee aliyekuwa na mapigo 60 anaweza kushuka hadi 45 na kuzimia. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, kwa kuwa njia za hewa nazo hutegemea beta zilegee. Mtu akiangalia jicho peke yake hataona dalili yoyote ya hatari hiyo. Wagonjwa hufundishwa kufumba jicho na kubonyeza kona yake ya ndani kwa dakika moja au mbili baada ya kuweka tone, ili dawa isitiririke kwenda puani.

Swali la tatu ndilo linalowaangusha hata wanafunzi wazuri wa udaktari. Baada ya dawa kufanya kazi yake, mwili utajibu nini?

Chukua prazosini, inayofunga alfa. Kituo cha mapigo ya moyo hakiendeshwi na alfa, na mtu angeweza kusema upesi kwamba mapigo hayatabadilika. Lakini prazosini inalegeza mishipa, shinikizo linashuka, na vipimo vya shinikizo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua vinautaarifu ubongo. Ubongo unapunguza kazi ya vagasi na kuongeza ya simpathetiki. Moyo unaanza kukimbia, ingawa dawa haikuugusa. Dozi ya kwanza ndiyo yenye hatari: mtu anaimeza asubuhi, anasimama ghafla, damu inabaki miguuni, anaanguka. Kwa sababu hiyo wagonjwa hushauriwa kuanza na dozi ndogo wakati wa kulala. Mgonjwa akiwa pia anatumia propranololi, mwitikio huo wa moyo umefungwa. Mapigo yatapanda kidogo tu au yasipande, na kuanguka kwa shinikizo kunaweza kuwa kukubwa zaidi. Kwa utumbo, prazosini haifanyi mengi, kwa sababu zile zile zilizoelezwa juu ya beta.

Na mboni? Alfa ikifungwa, msuli wa kupanua unalegea na mboni inakuwa ndogo kidogo. Kwa mtu anayekaa mwangani badiliko hilo halionekani, kwa kuwa msuli wa duara ulikuwa tayari unashinda. Linaonekana pale daktari anapotaka mboni iwe pana. Mwaka 2005 David Chang na John Campbell, wapasuaji wa macho wa Marekani, walieleza tatizo walilokuwa wakikutana nalo katika upasuaji wa mtoto wa jicho: mboni ilikataa kupanuka vizuri, ikazidi kubanwa katikati ya kazi, na utando wa rangi unaoizunguka ukawa unapepea kwenye maji ya upasuaji. Kilichowaunganisha wagonjwa wengi kilikuwa tamsulosini, dawa ya tezi dume inayofunga alfa. Wanaume wengi wenye umri wa kuhitaji upasuaji wa mtoto wa jicho ndio hao hao wenye matatizo ya tezi dume. Kuiacha dawa siku chache kabla hakuondoi tatizo kwa uhakika. Kinachosaidia ni mgonjwa kumwambia mpasuaji mapema ili ajiandae kwa vifaa na dawa za kuishikilia mboni wazi.

Maswali haya matatu yana uzito wake kamili pale mgonjwa anapoletwa akiwa na sumu ya wadudu. Tuchukue mfano unaofanana na mengi yanayotokea katika hospitali za wilaya. Mkulima wa nyanya wa miaka 30 amerudi nyumbani na kiu, akanywa kutoka chupa ya soda ambamo mtu alikuwa amehifadhi profenofosi, dawa ya kunyunyizia ya kundi la organofosfati. Dawa za kundi hili hukifunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana, na upande uliokuwa tayari unatawala kwenye mboni, moyo na utumbo sasa unavuta bila kikomo.

Anafika na mboni za milimita 1, mapigo 48, shinikizo 85 kwa 50. Anaharisha, tumbo linanguruma kiasi cha kusikika bila chombo, jasho linamtiririka, na kifua kimejaa majimaji yanayobubujika kila anapovuta pumzi. Kinachoua haraka ni hayo majimaji na kulegea kwa misuli ya kupumua, kwa hiyo hewa ya oksijeni na njia ya hewa hushughulikiwa pamoja na dawa.

Anapewa miligramu 2 za atropini kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 mapigo yamefika 56, lakini kifua kinabubujika vile vile. Hapo hakuna kusubiri: dozi inarudufishwa, miligramu 4. Dakika ya 10 mapigo ni 72, kifua kimeanza kukauka lakini kwapa bado limelowa. Inarudufishwa tena, miligramu 8. Dakika ya 15 kifua ni kikavu, mapigo 96, shinikizo 105 kwa 65, kwapa limekauka. Malengo yametimia: kifua safi, mapigo yanayozidi 80, shinikizo la juu linalozidi 80. Amepewa jumla ya miligramu 14.

Mboni zake zimefikia milimita 2 tu, na hapa mhudumu asiye na uzoefu hushawishika kuongeza dawa. Asifanye hivyo. Mboni huchelewa kujibu kuliko moyo na kifua, na sumu ikiwa imeingia moja kwa moja jichoni, kwa mfano wakati wa kunyunyizia, inaweza kubaki ndogo kwa muda mrefu hata mwili wote ukiwa umepata dawa ya kutosha. Kifua ndicho kinachoamua dozi. Mboni ni shahidi wa kusaidia.

Baada ya hapo atropini huendelea kwa dripu, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyohitajika mwanzoni. Kwa mkulima huyu ni kati ya miligramu 1.4 na 2.8, na anaanzishiwa 2. Utaratibu huu wa kurudufisha dozi na kuendelea kwa dripu ulijaribiwa nchini Bangladesh, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: vifo vilikuwa karibu asilimia 8, ikilinganishwa na asilimia 22.5 kwa waliopewa dozi zile zile za mara kwa mara za mtindo wa zamani.

Usiku wa manane mgonjwa anaanza kuchomoachomoa shuka na kuongea na watu wasiokuwepo. Mapigo ni 135, joto nyuzi 38.9, mboni pana. Muuguzi anaweka stethoskopu tumboni na hasikii chochote. Hii ndiyo sura ya mnanaha: atropini imezidi. Utumbo ulio kimya, joto na kuchanganyikiwa vikija pamoja ni ishara inayoaminika kuliko mapigo peke yake, kwa sababu mapigo 135 yangeweza kuletwa na homa ya mapafu, upungufu wa maji au ukosefu wa oksijeni. Dripu husimamishwa kwa dakika 30 hadi 60 hadi atulie, kisha huanzishwa tena ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 20, yaani miligramu 1.6 kwa saa. Kifua kikianza kububujika tena, dozi ya nyongeza hutolewa.

Tuseme sasa mkulima huyo alikuwa anatumia propranololi kila siku. Ubashiri unabadilika kwa kiungo kimoja. Mwaka 1970 Jose na Collison walichapisha vipimo vya watu wenye afya waliofungwa pande zote mbili za neva za moyo kwa atropini na propranololi, wakatoa kanuni ya kasi ya moyo ulioachwa peke yake: 118.1 kutoa 0.57 mara umri. Kwa mtu wa miaka 30, hiyo ni karibu 101. Atropini itamtoa kwenye 48, kwa kuwa kazi yake ni kumwondoa vagasi, lakini haitarajiwi kumfikisha 135 hata ikizidi, maana simpathetiki nayo imefungwa. Muuguzi anayesubiri mapigo ya mbio ili atambue kwamba dawa imezidi atasubiri bure. Utumbo na mboni, ambavyo propranololi haivigusi sana, vitasema ukweli.

Atropini ina mpaka mmoja usiovukika. Inafunga vipokezi vya asetilikolini vilivyo kwenye moyo, mboni, utumbo na tezi, lakini misuli ya mikono, shingo na ya kupumulia hutumia vipokezi vya asetilikolini vya aina nyingine, ambavyo atropini haivishiki. Mgonjwa anaweza kuwa na kifua kikavu, mapigo mazuri na tumbo lililotulia, huku misuli yake ikizidi kulegea. Udhaifu huo hutokea mara nyingi kati ya siku ya 1 na ya 4 baada ya sumu, na dalili yake ya mapema ni kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kwa hiyo katika siku hizo, pamoja na kumulika mboni, kuhesabu mapigo na kusikiliza tumbo, wahudumu humwomba mgonjwa ainue kichwa na kukishikilia, na mashine ya kupumulia huwekwa karibu hata kama vipimo vingine vyote vinaridhisha.